Gunia la Wangu na Stop Yangu

Ijumaa ile nilikatwa mara ya pili mfululizo, na Kitonga akaniambia pole huku anacheka. Mtu wa namna hiyo ukimpiga kofi hata padri atakuelewa. Lakini sikuwa na nafasi ya kofi, kwa sababu nilikuwa nimebakisha nafasi moja tu ya kuendelea kukaa kwenye kile kiti.

Nianze na kiti chenyewe. Mimi ni Kavata, na kwa miaka tisa nilikuwa nyuma ya kioo cha benki nikihesabu noti za watu na kutabasamu kwa amri. Nikaacha. Nikaenda kukaa ghorofa ya nne ya jengo moja karibu na barabara ya Tom Mboya, juu ya duka la nywele bandia. Ndani kulikuwa na meza mbili, kompyuta mbili, mimi na Kitonga. Tulikuwa tukinunua na kuuza yuro kwa dola kwenye mtandao, kwa pesa ya Mzee Norman Kibe wa Loresho. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake ya dola elfu tatu. Mwaka ule watu wachache sana Nairobi walijua kazi hiyo ni nini, na mama yangu kule Uthiru aliwaambia wenzake kanisani kwamba nafanya "kompyuta". Nilikipenda kiti kile kwa moyo wangu wote. Hakuna aliyeniambia nitabasamu.

Mzee Norman alikuwa amestaafu kutoka benki, kitengo cha fedha za kigeni, na alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: hakuna oda bila stop ndani ya mashine. Stop ni agizo unalomwachia broka, wakala wetu wa kule mtandaoni, kwamba bei ikishuka hadi hapa, niuzie nitoke, hata kama nimelala, hata kama nimekufa. Ya pili: ukikatwa na stop mara tatu mfululizo, unarudisha ufunguo. Sheria ya pili niliiona ya kijinga na bado naiona hivyo. Lakini nyumba ya mtu ni ya mtu.

Mara zote mbili nilikatwa kwa namna moja, na hapo ndipo roho iliponiuma. Bei inashuka, inagusa kiwango, inapanda. Inarudi kukigusa tena, inapanda. Unaona sakafu hiyo, kila mtu anaiona. Unanunua juu yake na kuweka stop pips tano chini yake, yaani vihatua vitano vidogo vya bei, kama tulivyofundishwa sote. Halafu bei inashuka ghafla, inachungulia chini ya sakafu, inakukata, na kabla hujamaliza kusonya imegeuka na kupanda kule kule ulikosema itapanda. Kwenye chati kinabaki kimkia chembamba chini ya mshumaa, ule mstari mnene unaochora bei. Nilikuwa nimesema kweli mara mbili na nimepoteza mara mbili.

Kitonga alikuwa na maelezo yake. Alisema broka anaona stop zetu kwenye mashine yake, anashusha bei makusudi, anatunyoa, anairudisha. Sikatai, broka wezi wapo. Lakini nilifungua chati ya broka mwingine kabisa, na mkia ulikuwa pale pale, urefu ule ule. Nikamwonyesha. Akasema hao ni ndugu. Mtu akiamua kuogopa mchawi, hata paka akipita anaongeza ushahidi.

Nikashuka ngazi jioni ile nikiwa na hasira za kutosha kuwasha jiko. Pale chini nikakuta kanjo wamevamia, wale askari wa baraza la jiji. Wachuuzi walikuwa wamebeba vitu wakakimbilia kichochoro cha nyuma ya duka la vitabu, kama wanavyokimbilia kila siku. Safari hii askari hawakuhangaika kuwafukuza. Walikuwa wanawasubiri upande wa pili wa kichochoro, wametulia kabisa, wamefungua mlango wa lori.

Wangu, anayeuza leso na skafu mlangoni petu, alikuwa amesimama kando akila njugu, mikono mitupu. Nikamwuliza mali yake imeenda wapi. Akaniambia gunia liko kwa Were kinyozi, barabara ya pili. Nikamwuliza mbona haendi kichochoroni na wengine, si ndiko karibu.

"Mama Debra," akasema, "hapo kila mtu ameona ni karibu. Na kanjo pia ana macho. Yeye hanitafuti mimi, hata hanijui. Anaenda kwenye magunia ni mengi."

Nikamwambia lakini kwa Were ni mbali, utakimbiaje na gunia zito. Akanitazama kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ndio sibebi leso mia. Nabeba thelathini. Ukitaka kuficha mbali, beba kidogo."

Nilisimama pale hadi njugu zikaisha. Nilikuwa nimesoma karatasi nyingi kuhusu jambo hili, na hakuna iliyonieleza hivyo. Chini ya ile sakafu kila mnunuzi ameacha stop, na kila stop ya mnunuzi ni oda ya kuuza. Ni rundo la magunia kichochoroni. Mwenye pesa nyingi anayetaka kununua anahitaji wauzaji wengi kwa mpigo, na anajua wako wapi. Bei ikifika pale, stop zinafyatuka, watu wanauza bila kutaka, yeye ananunua, na wauzaji wakiisha bei inapanda. Hakuniwinda mimi. Mimi nilijipeleka penye kundi.

Jumapili baada ya ibada nilimpa binti yangu Debra kazi ya kumenya viazi, nikatandaza mezani chati nilizochapisha. Nilichukua sakafu arobaini za miezi iliyopita, zile ambazo bei ilichungulia chini kisha ikarudi, nikapima mikia kwa rula. Mingi ilizama pips kumi hadi ishirini na tano. Michache ilifika thelathini na tano. Iliyopita arobaini nikaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na zilikuwepo sakafu nyingine, ambazo sikuziweka kwenye hesabu, ambazo bei ilizivunja na kwenda zake bila kurudi. Hizo hazina dawa. Hizo ndizo stop iliumbiwa.

Basi hesabu ikawa hivi. Zamani nilikuwa nikinunua loti ndogo tatu, yaani mafungu matatu ya yuro, na stop ya pips ishirini. Kila pip kwa loti moja ni dola moja, kwa hiyo nikikatwa napoteza dola sitini. Sasa stop itakuwa umbali wa pips sitini, lakini nitanunua loti moja tu. Nikikatwa, dola ni zile zile sitini. Gunia limekwenda mbali, na limepungua.

Jumatatu na Jumanne sikugusa kitu. Kitonga akaniuliza kama nimeokoka.

Jumatano asubuhi sakafu ilijitokeza. Usiku kucha, wakati Asia inafanya biashara, bei ilikuwa imeshuka mara mbili hadi 1.4180 na kuinuka mara zote mbili. Ilikuwa safi mno, mtu angeiona akiwa ng'ambo ya barabara. Nikanunua loti moja kwa 1.4198. Nilijua magunia yako pips tano chini ya 80, maana sisi husoma tarakimu mbili za mwisho tu. Nilijua mengine yako chini kidogo ya 50, kwa wale wanaopenda namba nzuri. Nikaweka stop yangu 1.4138, chini ya wote hao. Nikasema bei ikifika hapo, mimi ndiye nimekosea, si kwamba nimefagiwa na kundi.

Kitonga alinunua 1.4200, loti tano. Nikachungulia skrini yake nikaona pale pa stop hapana kitu. Nikamwuliza. Akagusa kichwa chake, akasema stop iko humu, 75, na humu broka hawezi kuona. Bei ikifika atabonyeza mwenyewe. Nikamkumbusha sheria ya Mzee. Akaniambia sheria inahesabu wanaokatwa na stop, na asiye na stop hakatwi. Nilimwonea huruma kidogo, na wivu kidogo pia, maana ilisikika kama akili.

London hufungua saa nne zetu asubuhi. Saa nne na dakika mbili bei ilikuwa 1.4186, na umeme ukapotea.

Ulikuwa mwaka wa mgao. Mvua ilikuwa imekataa na mabwawa yamekauka, umeme ukawa unatolewa kwa zamu. Siku ile haikuwa zamu yetu kwenye ratiba ya gazeti, lakini ratiba nayo ilikuwa na uhuru wake. Tulikuwa na betri ya akiba tuliyonunua barabara ya Luthuli, ambayo muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba ni nusu saa. Ikaanza kupiga kelele ya kuisha baada ya dakika nne.

Katika dakika hizo nne tuliona kila kitu. Bei ikagusa 80. Ikapita. Ilipofika 75 ikaanza kuanguka: 70, 64, 58. Nilimwona Kitonga ameweka kidole kwenye kitufe cha kuuza na kidole hakishuki. Nikamwambia bonyeza. Akasema ngoja, ni mkia, itarudi, wewe mwenyewe ulipima. Hiyo ndiyo stop ya kichwani. Ina ruhusa ya kubishana na mwenyewe. Bei ikasoma 55, na skrini zote mbili zikafa.

Jenereta za maduka ya chini zilianza kunguruma moja moja, na jengo letu halikuwa nayo. Kitonga akapiga mbio kwenye ngazi kutafuta saibakafe, akarudi anahema: mbili za karibu zimefungwa, ya tatu ina jenereta lakini mtandao umelala. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi. Loti tano, na hakuna agizo popote duniani la kumtoa. Kama bei ingeendelea kushuka siku nzima, angeshuka nayo siku nzima.

Akaniomba simu. Broka alikuwa na namba ya London ya kupigia ukikwama, na simu yake Kitonga ilikuwa na shilingi tatu. Yangu ilikuwa na kama mia na hamsini, na ukipiga ng'ambo hiyo haikai. Nikapiga. Kijana mmoja wa Kizungu akaitika, sauti tulivu kabisa, akataka namba ya akaunti na neno la siri. Kitonga akayataja, nami nikayarudia. Nikauliza bei. Akasema anaweza kuuza kwa 1.4142.

Nikafunika simu kwa kiganja nikamwambia Kitonga. Alikuwa amekaa sakafuni.

"Mwambie auze," akasema. "Auze yote."

Nikamwambia yule kijana auze yote. Akauza.

Sasa sikiliza hesabu iliyokuwa kichwani mwangu. Bei ni 42. Stop yangu iko 38. Pips nne, na nikikatwa hiyo ni mara ya tatu. Ufunguo. Kioo cha benki, tabasamu, kama hata watanirudisha. Na aliyeweza kuiondoa stop ile alikuwa sikioni mwangu, ananiuliza kwa adabu kama kuna jingine.

Nilikuwa nimepima mikia arobaini kwa rula. Nilikuwa nimesema kwa kinywa changu kwamba 38 ndipo nilipokosea. Yote yakayeyuka. Nikasema ndiyo, kuna jingine, kuna akaunti ya pili, naomba stop yake iondolewe. Nikaanza kutaja namba. Nilifika tarakimu ya tano, simu ikakatika. Kredo ilikuwa imeisha.

Nilimtuma Kitonga akanunue kadi ya simu, hakuinuka. Nikainuka mimi. Nilifika mlangoni, nikashika kitasa, nisikizungushe. Sijui nilisimama pale muda gani. Nilijiambia kwamba kwa vile sasa nimepata dakika ya kufikiri, nifikiri. Stop hii niliiweka asubuhi nikiwa na akili zangu. Anayetaka kuiondoa sasa ni mwoga aliyekaa gizani. Nikarudi nikaketi. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na amani, nilikuwa nasikia mapigo ya moyo kwenye meno.

Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini na tano. Kompyuta yangu ilichukua muda wake kuwaka, kama mzee anayetafuta viatu. Mtandao ukaunganika. Chati ikajichora.

Mkia ulikuwa umeshuka hadi 1.4140. Pips mbili juu ya stop yangu. Bei sasa ilikuwa 1.4207, na oda yangu ilikuwa hai, loti moja, peke yake. Niliinamisha kichwa kwenye meza nikalia kidogo, halafu nikanywa maji.

Kitonga alikuja akasimama nyuma yangu akautazama ule mkia. Alikuwa ameuzwa karibu na ncha yake. Hakusema pole, wala mimi sikucheka.

Alhamisi alasiri oda yangu ilifika nilipotaka, 1.4290, nikatoka na pips tisini na mbili. Ijumaa tukaenda Loresho na karatasi zetu, kama kila Ijumaa. Mzee Norman alikuwa barazani, miwani kwenye ncha ya pua, chai ya maziwa imepoa mbele yake. Alisoma karatasi ya Kitonga kwanza. Kidole chake kikatembea hadi kwenye safu ya stop na kusimama penye utupu.

Akauliza stop ilikuwa wapi. Kitonga akaeleza kwa heshima, akasema aliificha ili broka wasimwone, na hata hivyo walimpata, alipopiga simu London wakamwuza chini kabisa. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Kijana, hakuna aliyekutafuta," akasema. "Wewe ndiye uliyewapigia simu."

Kitonga akatoa ufunguo mfukoni akauweka mezani, kando ya chai. Aliaga vizuri, akashika njia ya kwenda Waiyaki Way peke yake. Nilimtazama hadi kona, na niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyotarajia.

Mzee akachukua karatasi yangu. Akaona loti moja pale palipokuwa na tatu. Akaona 38, akauliza kwa nini 38, nikamweleza sakafu arobaini na rula, na magunia chini ya 50. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema siku nyingine nisubiri kwanza wenye pesa nyingi wafagie zile stop, bei ikirudi juu ya sakafu ndipo ninunue, nitalala vizuri zaidi. Halafu akasema kilichompendeza si 38. Kilichompendeza ni kwamba bei ilifika pips mbili kutoka hapo, na stop haikuguswa. Alisema wanaume aliofanya nao kazi miaka ishirini wangeisogeza.

Hapo ningeweza kunyamaza. Kiti kilikuwa changu, chai ilikuwa inakuja. Nikaona uso wa Kitonga pale sakafuni, na nikaona kwamba tofauti yangu naye siku ile ilikuwa shilingi chache za simu.

"Mzee," nikasema, "niliwaambia waiondoe. Kredo iliisha nikiwa katikati ya namba."

Alivua miwani. Akaifuta kwa ukingo wa sweta, akaivaa, akanitazama, akaivua tena. Mfanyakazi alileta chai akaiweka na kuondoka. Nikaweka ufunguo wangu mezani karibu na wa Kitonga, maana sikutaka kuombwa.

Akausukuma ukarudi upande wangu.

"Jumatatu uje kazini bila simu," akasema.

Jumatatu saa tatu unusu asubuhi nilimkabidhi Wangu simu yangu pale mlangoni. Hakuuliza maswali mengi. Aliizungushia leso mbili, akaitia ndani ya gunia, akalipeleka kwa Were kinyozi, nami nikapanda ngazi.